Kwa wanachama: kwa nini malipo ya pili ni shilingi 182

Mei 2019

Ndugu wanachama,

Tangu karatasi ya malipo ya pili ibandikwe ofisini maswali yamekuwa mengi, na mengine yamenikuta gulioni na msibani kabla hayajafika kwenye kikao. Swali kubwa ni moja, nalo ni la haki. Redio inasema bei ya kahawa duniani imeshuka kama theluthi ukilinganisha na misimu miwili iliyopita. Haya, tumesikia. Sasa mbona malipo yetu ya pili hayakushuka theluthi? Msimu wa 2016/17 tulilipana shilingi 1,345 kwa kilo ya kahawa ya maganda. Msimu huu wa 2018/19 ni shilingi 182. Aliyeleta kilo 200 mara ile alipokea 269,000, safari hii amepewa 36,400. Huyo akiuliza zilizobaki zimekwenda wapi, hajamkosea mtu adabu.

Nimeamua kuandika kwa sababu hesabu ya mdomo husahaulika kabla mtu hajafika kihambani kwake. Namba nimezizungusha kidogo ili zisomeke. Zenye vipande vyake vyote ziko kwenye daftari la mhasibu, na lipo wazi kwa kila mwanachama saa za kazi.

Nianze na hiyo bei ya redioni. Ni bei ya soko la New York, ambako watu hununua na kuuza mikataba ya arabika itakayokabidhiwa miezi ijayo. Bei hutajwa kwa senti za Marekani kwa ratili moja, na kilo moja ina ratili 2.2. Kahawa ya Tanzania ni miongoni mwa zile zinazokubalika kwenye mkataba huo bila nyongeza wala punguzo, wakati ya Colombia huongezewa kidogo na ya Brazili hupunguzwa. Kwa hiyo mnunuzi anayekwenda mnadani Moshi anakuwa ameshaijua bei ya New York ya siku hiyo kabla hajataja ya kwake. Loti ikiwa nzuri ataongeza juu yake, ikiwa na kasoro atapunguza, lakini ngazi ya kuanzia ni ile ile.

Ngazi hiyo imeshushwa na nini? Mwaka 2018 Brazili ilivuna magunia ya kilo 60 yanayokaribia milioni 62, mavuno ambayo haikuwahi kuyapata kabla ya hapo. Tanzania nzima, ukichanganya arabika na robusta, huvuna kama magunia milioni moja, na mwaka mbaya hatufiki hapo. Miti ya arabika ya kule huzaa sana mwaka mmoja na kupumzika unaofuata, na 2018 ulikuwa mwaka wa kuzaa. Lakini mavuno ni nusu tu ya maelezo. Nusu nyingine ni pesa yao. Mwanzoni mwa 2018 dola moja ilikuwa reali 3 na ushee. Kufika Septemba ilikuwa imevuka reali 4. Mkulima wa Brazili analipwa kwa reali. Bei ya kahawa kwa dola ikishuka huku dola yenyewe ikipanda kwake, mfukoni haoni kilio kikubwa, kwa hiyo anaendelea kuuza. Sisi tukisikia bei imeshuka tunadhani kila mkulima duniani ameumia sawasawa na atapunguza kuuza. Haikuwa hivyo, na ndiyo maana bei haikupata mahali pa kusimama. Mifuko mikubwa ya wawekezaji, isiyojua hata harufu ya ua la kahawa, nayo ilipoona mwelekeo ikaweka fedha zake upande wa bei kuendelea kushuka.

Wazee watakumbuka kwamba zamani haikuwa hivi. Hadi Julai 1989 kulikuwa na mkataba wa kimataifa uliompa kila mzalishaji mgao wa kuuza nje, na bei ikichungulia chini mgao ulipunguzwa. Mgao ulipoachwa, kazi ya kuikinga bei ikakosa mwenyewe. Nimeigusa kwa sababu kila mkutano kuna mzee anayeuliza kwa nini serikali haiipandishi bei. Serikali inaweza kusimamia mnada usiwe na ujanja. Kuiambia New York inunue kwa ngapi haiwezi.

Sasa hesabu. Mnada wa Moshi hutaja bei kwa dola kwa kilo 50 za kahawa safi, lakini sisi tunapimiana maganda, basi nitaileta yote kwenye kilo moja ya maganda. Kahawa yetu ina madaraja mchanganyiko: AA hupata nyongeza, zile ndogo na zilizovunjika hukatwa, na zikichanganywa pamoja loti zetu zimekuwa zikitoka karibu sawa na New York. Tuchukue hivyo.

Loti zetu za 2016/17 ziliuzwa New York ikiwa kama senti 150. Hiyo ni dola 3.31 kwa kilo ya kahawa safi, na kwa dola ya shilingi 2,200 inakuwa shilingi 7,275. Maganda yakikobolewa, katika kilo 100 tunapata kama 80 za kahawa safi, kwa hiyo kilo moja ya maganda ilikuwa na thamani ya shilingi 5,820.

Msimu huu wastani wetu ulikuwa senti 105. Ni dola 2.31 kwa kilo, na kwa dola ya shilingi 2,300 ni shilingi 5,324 za kahawa safi, au kama 4,260 kwa kilo ya maganda. Hapo angalieni jambo moja. Kwa dola bei imeshuka asilimia 30, lakini kwa shilingi ni kama 27, kwa kuwa shilingi yetu nayo ililegea kidogo na dola chache zikatupa shilingi nyingi zaidi. Lakini hatukulegea kama Brazili.

Mpaka hapa bado theluthi haijafika. Tatizo linaanzia kwenye gharama.

Kilo ya maganda haijitoi yenyewe kwenye beseni la mama hadi mnadani. Inachukua kilo 5 hadi 6 za kahawa mbivu, ambazo tunazimenya kwenye mtambo wetu kwa dizeli na maji, kisha kuna vibarua wa kuosha, kuanika na kuchambua mezani. Kuna gari la kupeleka Moshi, ada ya kiwanda cha kukoboa, magunia, ghala. Kuna ushuru wa chama na wa chama kikuu, ambao mkutano mkuu ndio uliupitisha. Kuna riba ya benki, maana zile pesa za malipo ya awali mnazopewa siku ya kupima tumezikopa. Msimu wa 2016/17 vitu hivi vyote kwa pamoja vilitugharimu shilingi 1,300 kwa kilo ya maganda. Msimu huu ni 1,450, kwa sababu dizeli na vibarua vimepanda.

Dereva wa lori hakuulizi New York imefungaje jana. Anapima uzito na umbali. Kiwanda kinakoboa kwa tani, kahawa iwe ya dhahabu au ya bure. Makato pekee yanayoshuka pamoja na bei ni yale ya asilimia, na kubwa kati yake ni ushuru wa mazao, ambayo nimeyaweka kwa asilimia 3. Yalikuwa shilingi 175, yamekuwa 128. Mengine yote yamebaki palepale au yamepanda.

Basi toeni wenyewe. Msimu ule: 5,820 toa 1,300 toa 175, inabaki 4,345 ya mkulima. Msimu huu: 4,260 toa 1,450 toa 128, inabaki 2,682. Kutoka 4,345 hadi 2,682 ni anguko la asilimia 38. Bei ya mnadani ilianguka asilimia 27 kwa shilingi, ya mkulima 38, na hakuna senti iliyoibwa njiani. Gharama zinachukua sehemu yake kwanza, nzima, halafu anguko lote lililobaki linamwangukia mkulima, kwa kuwa yeye ndiye analipwa mwisho.

Bado 38 si 86, na anguko kutoka 1,345 hadi 182 ni asilimia 86. Ile tofauti inatokana na jinsi tunavyoyagawa malipo kwa vipande viwili. Msimu wa 2016/17 malipo ya awali yalikuwa shilingi 3,000, na 4,345 ukitoa 3,000 zinabaki 1,345. Msimu huu malipo ya awali tuliyapanga 2,500 mwezi Julai, New York ikiwa juu kidogo ya senti 105 tulizokuja kuuzia. Toa 2,500 kwenye 2,682, zinabaki 182. Kwa maneno mengine, ile pesa ya siku ya kupima haikushuka hata asilimia 20, na ndiyo maana wengi hawakustuka Septemba. Mshtuko wote ulihifadhiwa hadi malipo ya pili. Anayetaka kulinganisha misimu kwa haki ajumlishe malipo yote mawili kwenye stakabadhi zake. Akilinganisha malipo ya pili na ya pili peke yake, ataona msiba mkubwa kuliko uliopo, na uliopo unatosha.

Sasa niingie kwenye maneno ya barabarani.

Kuna wanaosema mwezi Oktoba walisikia watu wakitajiwa bei nzuri kuliko yetu. Inawezekana kabisa. Septemba 2018 New York ilishuka chini ya senti 100, Oktoba ikaruka ikapita 120, halafu kufika Desemba ilikuwa imerudi karibu na 100. Aliyekuwa na kahawa safi ghalani katikati ya Oktoba aliuza vizuri. Sisi huku juu Oktoba ndiyo kwanza tunachuma kwa wingi, na kati ya kuchuma na kuingia mnadani kuna kumenya, kuchachusha, kuanika siku 10 hadi 14 jua likiwepo, kusubiri loti itimie, kusafirisha, kukoboa, na sampuli kupita kwa waonjaji. Loti zetu mbili za mwanzo ziliikuta bei hiyo, nazo ndizo zimeuvuta wastani kufika 105. Zilizofuata zilichelewa, na mvua za vuli kwenye meza za kuanikia ndizo zilizozichelewesha. Mkutano wa Oktoba aliyekuwepo aliona maturubai.

Wengine wanauliza kwa nini hatukuzuia kahawa tukasubiri bei ipande. Swali hili nalipenda kwa sababu ukilijibu vibaya chama kinakufa. Kwanza, deni la benki halilali. Kila mwezi wa kusubiri unaongeza riba kwenye ile 1,450. Pili, kahawa safi ikikaa ghalani miezi mingi inapauka, inapoteza ule ubichi wa kikombe, na mnunuzi anaitambua kwa macho tu kuwa ni ya msimu uliopita. Tatu, angalieni kilichotokea. Mwezi uliopita, Aprili, New York imeshuka chini ya senti 90, bei ambayo haijaonekana kwa zaidi ya miaka 10. Chama kilichosubiri tangu Desemba leo kinauza kwa hasara na riba juu. Huenda mwakani bei ikapanda wakanicheka. Lakini sikuwa tayari kuweka kahawa ya watu kamari kwa mkopo ambao dhamana yake ni kahawa hiyo hiyo.

Kijana mmoja aliyeko Dar ameniandikia kwamba kikombe cha kahawa mgahawani hakijashuka hata shilingi, je, nani anakula? Kikombe kimoja kinatumia kama gramu 10 za kahawa iliyokaangwa, sawa na gramu 12 za kahawa safi kabla ya kukaanga. Kwa senti 105 kwa ratili, hizo gramu 12 zina thamani isiyofika senti 3 za Marekani. Kikombe huko Marekani kinauzwa dola mbili, tatu. Kinacholipiwa pale ni pango, mishahara, maziwa, sukari na jina lililoandikwa kwenye kikombe. Hata bei ya shambani ikishuka nusu, mwenye mgahawa hajaokoa hata senti moja na nusu, na hatabadilisha ubao wake wa bei kwa hilo. Halinifurahishi, ila ndivyo lilivyo, na halihusiani na makato ya chama.

Ile hesabu ya gharama zisizotikisika ina upande wa pili, nao ndio uliofanya bodi ya chama ikae hadi usiku. Kama shilingi moja ya bei ikipotea inampotea mkulima karibu nzima, basi shilingi moja ikiongezeka inamfikia karibu nzima pia, kwa kuwa gharama zimeshalipwa. Tukipata nyongeza ya senti 10 tu juu ya New York, kilo ya maganda inapanda shilingi 406. Toa asilimia 3, zinabaki 394. Malipo ya pili msimu huu yangekuwa 576 badala ya 182. Zaidi ya mara tatu.

Senti 10 hizo hazitoki mbinguni. Ripoti za waonjaji za loti zetu ninazo, na anayetaka azisome. Loti moja ilipewa alama nzuri ya uchachu na mwili, ikauzwa juu ya New York. Loti iliyofuata, ya mitaa ile ile na wiki karibu ile ile, iliandikwa kuwa na ladha ya kuchacha kupita kiasi na ya mbichi, ikakatwa. Nilikwenda mwenyewe na msimamizi wa mtambo tukaangalia daftari la siku hizo. Kahawa ilipokelewa hadi saa mbili usiku, ikamenywa kesho yake. Matunda yaliyokaa usiku kucha kwenye mifuko ya salfeti hupata joto na kuanza kuchacha humo humo kabla ya kufika kwenye tenki, na tenki likiongeza muda wake wa kawaida, tayari imeharibika. Nyingine ni rangi. Chukua kiganja kimoja kutoka kwenye mfuko wowote, hesabu matunda 20. Yakiwamo 3 ya kijani au yenye nusu ya manjano, mfuko huo utaiaibisha loti nzima mnadani. Aliyechuma vizuri anaadhibiwa pamoja na aliyekamua mti, maana loti ni moja.

Kuna na lile la kukoboa. Nimesema kilo 100 za maganda zinatoa 80 za kahawa safi. Tukifikisha 82, kwa bei ya msimu huu kila kilo ya maganda inaongezeka shilingi 106, bila New York kusogea. Kinachotupotezea hizo kilo mbili ni punje nyepesi: zilizoliwa na wadudu, zilizokosa chakula, zilizokauka mtini. Dawa yake ni ndoo ya maji. Mimina kahawa mbivu, koroga, zinazoelea ziondoe uanike kando. Kuanzia msimu ujao mpokeaji atatia kila mzigo kwenye maji kabla ya mzani, na zinazoelea zitapimwa peke yake, kwa bei yake. Najua kuna watakaonuna. Ndugu zangu, kwa sasa anayeleta nzito anamlipia anayeleta nyepesi.

La mwisho ni kwa ajili ya mkutano mkuu, mje mmeshalifikiria. Tutatakiwa kupanga malipo ya awali ya 2019/20, na nimeshasikia kampeni kwamba yabaki 2,500 au yapande. Fanyeni hesabu ile ile kwa senti 90. Kilo ya maganda inakuwa shilingi 3,651. Toa 1,450, toa asilimia 3 ambayo ni 110, inabaki 2,091. Tukiwa tumeshalipana 2,500 siku ya kupima, kila kilo inatuachia deni la shilingi 409 benki. Kwa mwanachama wa kilo 200 hilo ni deni la zaidi ya 80,000, ambalo litakatwa kwenye kahawa ya msimu unaofuata, kabla hajalipwa chochote. Kuna vyama vilivyofungwa milango kwa deni la namna hiyo hiyo.

Bodi inapendekeza malipo ya awali ya shilingi 1,700. Bei ikibaki senti 90, malipo ya pili yatakuwa 391. Ikirudi 105 tulikouzia msimu huu, yatakuwa 982. Ikishuka hadi 80, benki itatudai kama shilingi mbili tu kwa kilo, ingawa hatutakuwa na cha kugawana kwenye malipo ya pili. Wanaotaka kiwango kingine waje nacho kimeandikwa, na waonyeshe kwa bei ipi ya New York kinalipika. Mhasibu atakuwa na ubao na chaki.

Mwenyekiti wa chama